"Niandikie ujumbe wa kuomba msamaha": uchambuzi wa ombi lisilomtaja aliyekosewa

Ombi lenyewe lilikuwa na sentensi chache tu, nalo liliingia kwenye simu ya ofisi asubuhi ya tarehe 29 Shaaban: "Assalamu alaykum mwalimu. Naomba uniandikie ujumbe wa kuomba msamaha. Nataka kumtumia leo kabla ya magharibi." Nambari haikuwa imehifadhiwa, jina halikutajwa, na hapakuwa na neno lolote juu ya aliyekosewa, kosa lililotendeka, wala namna ambavyo mwombaji alitaka ujumbe usikike. Kazi yangu ni kuwachapia watu hati na kuwaandikia barua katika chumba kidogo karibu na Posta ya barabara ya Digo, na maombi ya namna hii huja mara nyingi. Hili nimelichagua kwa sababu lilikuwa na jibu jepesi lililoonekana sahihi kabisa, na ambalo lingemharibia aliyeomba. Mwenyewe ameridhia kisa chake kisimuliwe. Majina nimeyaacha, na baadhi ya mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha.

Jibu jepesi lilitokana na tarehe. Hapa Mombasa, siku za mwisho za Shaaban watu hutumiana ujumbe wa kutakana radhi kabla ya kuingia Ramadhani, na maneno yake yanajulikana na kila mtu: naomba mnisamehe kwa yote niliyowakosea, kwa kujua na kwa kutojua, nami nimewasamehe. Ujumbe huo hauhitaji kumtaja aliyekosewa wala kosa, kwa kuwa unakwenda kwa wote, na makusudio yake ni kufungua mwezi pasipo kinyongo. Watu wanaosafiri kwenda Hija huaga kwa maneno yanayofanana na hayo. Kwa hiyo mtu anayeomba ujumbe wa msamaha tarehe 29 Shaaban bila kusema amemkosea nani, huenda hakuacha kitu. Huenda ombi lake limekamilika, na kumrudishia maswali kungekuwa kumsumbua bure. Ndiyo maana jambo la kwanza ninalolitazama ombi la aina hii linapofika ni siku lilipofika.

Lakini sentensi ya mwisho ilipinga usomaji huo. Mwombaji aliandika "kumtumia", akakusudia mtu mmoja. Anayetaka ujumbe wa Shaaban huandika "kuwatumia", au "wa kutuma kwa watu", au "wa kuweka kwenye grupu". Tena alikuwa na haraka ya saa, na haraka hiyo ilieleweka: usiku wa siku ya 29 mwezi huenda ukaandama, na magharibi ikiingia siku mpya ya Kiislamu imeshaanza. Mtu anayetaka jambo limalizike na mtu mmoja kabla ya magharibi ya siku hiyo ana jambo mahususi linalomkaa moyoni, na anataka aingie Ramadhani akiwa amelitua. Angetumiwa yale maneno ya "kwa kujua na kwa kutojua", yangemfikia aliyeumia kama ujumbe ule ule aliokwisha kuupokea kutoka kwa watu wengine asubuhi hiyo hiyo, na angeona kuwa mkosaji amejificha ndani ya umati. Maneno hayo hayo yanayopendeza yanapoelekezwa kwa wote huwa ni kukwepa yanapoelekezwa kwa mtu ambaye kosa alilotendewa linajulikana.

Basi nilijua kuwa ni mtu mmoja na kwamba kuna jambo. Lugha yetu haikunipa zaidi ya hapo, kwa maana kiambishi kile hakielezi kama anayeandikiwa ni mwanamume au mwanamke, mkubwa au mdogo. Angeweza kuwa mume aliyenuniwa tangu juzi. Angeweza kuwa mteja wa harusi ambaye kanzu zake hazikushonwa kwa wakati. Angeweza kuwa mjomba aliyejibiwa vibaya mbele ya wageni. Niliwaweka hawa watatu mbele yangu nikajaribu kutafuta sentensi moja inayowafaa wote, na kila niliyoipata ilikuwa haimfai hata mmoja: upole unaomlainisha mume ni utovu wa adabu kwa mjomba, unyenyekevu anaostahili mjomba unamfanya mteja ajiulize kwa nini fundi anajidhalilisha badala ya kumwambia kanzu zitakuwa tayari lini, na ahadi ya tarehe anayoitaka mteja ingemwudhi mume, kwani yeye hadai kitu cha kuletewa. Sauti ya ujumbe wa msamaha inatokana na anayeandikiwa na uzito wa kosa, ndiyo maana siku zote simuulizi mtu anataka ujumbe wa sauti gani. Nikishajua ni nani na kumetokea nini, sauti naijua, na mara nyingi naijua vizuri kuliko yeye mwenyewe, ambaye kwa wakati ule ana aibu na angependa kitu kitamu kuliko kitu cha kweli.

Kulikuwa na hatari nyingine iliyonizuia kubahatisha. Kuomba msamaha kwa maandishi ni kukiri kwa maandishi. Mfanyakazi aliyepewa barua ya kutakiwa ajieleze, kwa mfano, ana haki chini ya kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kuelezwa sababu na kusikilizwa kabla ya kuachishwa kazi kwa utovu wa nidhamu, tena akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua. Akituma mapema ujumbe unaosema "nimekosa, nisameheni", amejibu kesi kabla haijasomwa. Aliyegongana na mwingine barabarani yumo katika hali hiyo hiyo. Nisipojua kama aliyekosewa ni mama yake au ni mwajiri wake, siwezi kumwandikia neno "nimekosa", na ujumbe wa msamaha usio na neno hilo si msamaha.

Ilinibidi niulize. Swali lililobaki ni niulize nini, na kiasi gani. Wapo wenzangu katika kazi hii wanaotuma orodha: jina la aliyekosewa, uhusiano wenu, tarehe ya tukio, lililotendeka, unataka ujumbe mrefu au mfupi. Sikubaliani nao. Anayeomba kuandikiwa msamaha bila kueleza kitu hakusahau kueleza. Mara nyingi ameshindwa, kwa sababu kulisema kosa kwa mtu asiyemjua ndilo lile lile zito analotaka kusaidiwa. Orodha ya maswali inamweka kizimbani, naye hunyamaza au hujibu kwa neno moja moja. Wengine hunyamaza kwa sababu hawalijui kosa: wameambiwa na dada au jirani "mwombe msamaha fulani", nao wanatii bila kujua kisa. Kwa huyo wa pili ujumbe wa kwanza haupaswi kuwa wa msamaha hata kidogo. Unapaswa kuwa wa kumuuliza aliyeumia ameumizwa na nini, kwa heshima, kisha msamaha ufuate. Swali zuri, basi, ni lile linalomruhusu mwenye aibu kusema bila kujishtaki, na linalomfichua asiyejua.

Kwa miaka nimetumia swali moja, na ndilo nililomtumia: "Wa alaykum salaam warahmatullah. Nitakuandikia inshallah, na utaupata mapema. Niambie jambo moja tu: yeye akimsimulia mtu wake wa karibu, atasema umemfanyia nini? Andika kama atakavyosema yeye." Ahadi inatangulia ili asione kuwa amewekewa sharti. Kisha anaombwa amsemee mwenzake, jambo ambalo ni jepesi kuliko kujisema, na katika kumsemea hawezi kuepuka kutaja ni nani na wanahusianaje. Asiyelijua kosa ataandika "sijui atasema nini", nami nitakuwa nimejua kuwa huyo anahitaji ujumbe wa aina nyingine.

Alikaa kimya kitambo, kisha akaandika: "Atasema nimempa mwengine zamu yake na sikumwambia. Ni mama mtu mzima, tuko naye kwenye mchezo. Atasema amekuja kusikia kwa watu na alikuwa keshamuahidi mpishi. Mimi ndiye ninayeshika pesa."

Katika maneno hayo mambo yote yaliyokosekana yalikuwamo. Mchezo ule ulikuwa wa wanawake kumi, kila mmoja akitoa shilingi 5,000 kila mwezi, na mwenye zamu akipokea 50,000. Zamu ya mwezi ule ilikuwa ya yule mama, mkazi wa Kibokoni, ambaye alikuwa akioza binti na alikuwa ameahidi kumlipa mpishi wa harusi. Siku chache kabla ya kupokea, mwanachama mwengine alilaza mtoto hospitalini, akampigia mshika pesa akilia, naye akampa zile fedha. Alikusudia kumweleza mama jioni ile ile. Akaona haya, akaahirisha, na mama akaja kuambiwa na jirani.

Nilipompigia simu baadaye, dada huyu alitaka ujumbe uombe radhi kwa "kuchelewesha pesa". Hapo ndipo mahali ambapo misamaha mingi huharibika, nami nilikaa naye juu ya jambo hilo kuliko jingine lolote. Katika jibu lake mwenyewe, akimsemea mama, kuchelewa kwa pesa hakukutajwa kabisa. Alichotaja ni kutoambiwa, kusikia kwa watu, na kuvunjiwa ahadi mbele ya mpishi. Mama yule huenda angeulizwa angekubali kwa moyo mmoja zamu yake iende kwa mtoto mgonjwa, kwani kubadilishana zamu kwa dharura ni desturi ya michezo yetu. Aliponyimwa kuulizwa alinyimwa hata thawabu ya kukubali. Kumwomba radhi kwa kucheleweshewa pesa kungekuwa kumwambia kwamba shida yake ni uroho wa pesa, na hilo lingekuwa kosa la pili juu ya la kwanza. Namna ya kugundua kuwa ujumbe unaomba radhi kwa jambo lisilohusika ni kuuweka kando ya maneno ya swali lile na kutazama kama vitenzi vinafanana. Yeye anasema "hakuniambia", wewe unasema "pesa zimechelewa": hamzungumzi jambo moja.

Jambo la pili lilikuwa sababu. Dada alitaka ujumbe uanze na mtoto aliyelazwa, na mtu hawezi kumlaumu, kwa kuwa sababu yenyewe ni njema. Nilimwomba aitoe kabisa katika ujumbe na aiweke kinywani mwake kwa ajili ya mazungumzo. Sababu njema ikitangulia, aliyeumia anawekwa mahali pa kuonekana mkatili akiendelea kukasirika. Anasamehe kwa kushurutishwa na kinyongo kinabaki. Tena maradhi ya mtoto yule ni siri ya mama mwengine, na ujumbe wa simu husomwa na kupelekwa kwa wengine pasipo mwandishi kujua.

Nilimuuliza pia, nikiwa bado kwenye simu, anaweza kufanya nini kwa hakika. Dini yetu inaweka wazi kuwa toba inayohusu haki za waja haikamiliki kwa majuto peke yake. Haki inarudishwa kwa mwenyewe, au mwenyewe anaisamehe. Akasema wenzake wamekubali zamu ijayo iwe ya mama bila mjadala, na kwamba yeye mwenyewe ana shilingi 15,000 anazoweza kumpelekea siku hiyo hiyo apunguzie kwa mpishi. Nilikuwa radhi kuziandika ahadi hizo kwa kuwa zilikuwa zake. Mwandishi anayebuni fidia ili ujumbe upendeze, akaandika "nitakulipa mara moja" kwa niaba ya mtu asiye na kitu, anamtengenezea mteja wake kosa jingine la kuombea msamaha mwezi ujao.

Lakini kadiri nilivyozidi kuelewa, ndivyo nilivyozidi kuona kuwa ujumbe wa simu haukuwa mahali pa kuyasema hayo yote. Mtu mzima wa Mji wa Kale haombwi radhi kwa simu na kijana wa kumzaa kisha mambo yakaishia hapo; kumtumia msamaha kamili kwa maandishi ni kumwambia kwamba hukuona sababu ya kuvuka kutoka Likoni kwenda kumkabili. Kwa hiyo kazi ya ujumbe ikabadilika. Ukawa ni wa kubisha hodi: ulitaje kosa kwa jina lake, ili mama asidhani anakujiwa kwa visingizio, na uombe ruhusa ya kufika. Msamaha wenyewe uombwe akiwa amekaa mbele yake. Saa zilituruhusu, kwa kuwa ilikuwa bado asubuhi, na hata feri ikichelewa angefika Kibokoni baada ya alasiri, kabla ya magharibi aliyoitaka.

Nikamuuliza swali la mwisho, ambalo watu hulisahau: nani atausoma? Akanijibu kuwa mama anatumia kabambe na macho hayamsaidii, kwa hiyo ujumbe husomewa na mjukuu wake. Jibu hilo liliamua mengi. Ujumbe utakaosomwa kwa sauti na mtoto, pengine mbele ya wageni wa harusi, hautaji kiasi cha pesa, hautaji mpishi, haumtaji mgonjwa, na hauna maneno ambayo mjukuu atayarudia uwani. Kabambe nayo ina mipaka yake: ujumbe mmoja wa kawaida hubeba herufi 160, na ukizidi unagawanywa vipande vya herufi 153 kila kimoja. Ukitia hata kikaragosi kimoja, au herufi iliyo nje ya zile za kawaida, kipimo kinashuka hadi herufi 70, na simu ya zamani huenda ikamwonyesha msomaji miraba mitupu mahali pa kikaragosi. Niliamua visizidi vipande viwili, na sentensi ziwe za kusomeka kwa pumzi moja moja. Hiki ndicho nilichompelekea:

"Assalamu alaykum mama, shikamoo. Zamu ya mwezi huu ilikuwa yako nami nikaibadilisha bila kukuuliza, ukaja kusikia kwa watu. Nimekukosea. Naomba ruhusa nije kwako leo baada ya alasiri nikuombe radhi mbele yako na tupange haki yako. Ni mimi mwanao," kisha jina lake.

Sentensi ya pili imebeba uzito wote, na inataja mambo yale yale aliyoyataja alipomsemea mama: zamu kupewa mwengine bila yeye kuambiwa, na kusikia kwa watu. Hakuna "kama". Dada aliniuliza kwa nini nisiandike "kama nimekuudhi", kwani kwake ilionekana kuwa adabu zaidi, nikamweleza kuwa neno hilo linamrudishia mama kazi ya kuthibitisha kwamba ameudhika. Hakuna pia "naomba unisamehe", na hilo lilikuwa la makusudi, kwa sababu mama akiombwa msamaha na mjukuu akiwa amesimama na simu mkononi, atalazimika kujibu papo hapo. Akiombwa ruhusa ya kutembelewa, anajibu jambo lililo jepesi, na hasira yake anabaki nayo mpaka aamue mwenyewe kuiacha. "Tupange haki yako" inatosha kumwonyesha kuwa pesa hazikusahauliwa, pasipo kuzianika. Na "mwanao" ni neno ambalo nisingethubutu kuliandika pasipo kumuuliza. Alinihakikishia kuwa ndivyo mama anavyomwita siku zote.

Aliniomba pia niweke ndani ya ujumbe ule ule ombi la radhi kwa wanachama wote, kwa kuwa habari ilikuwa imeshazagaa katika grupu yao. Nilimshauri avitenganishe. Aliyeaibishwa mbele ya watu anastahili kusafishwa mbele ya watu, lakini yeye ndiye mwenye kusema lini na kwa maneno gani, na mtu hawezi kumuuliza hilo kabla hajampokea nyumbani kwake.

Jibu la mama lilirudi kabla ya adhuhuri, kwa mkono wa mjukuu: "Waalaykum salaam. Bibi amesema uje." Dada alikwenda pamoja na shangazi yake, jambo ambalo tulikuwa tumelizungumza, maana mtu mzima akisindikiza, mwenyeji naye hujizuia maneno makali. Aliniarifu siku iliyofuata kwamba mama alimsema kwanza, na kwamba hakumkatiza. Kisha akaeleza habari ya mtoto, na mama akauliza yuko hospitali gani na anaendeleaje. Zile 15,000 alizipokea, akataka zihesabiwe mbele ya shangazi. Kuhusu grupu, alikataa kusafishwa kwa maandishi. Alitaka jambo lisemwe kwa mdomo katika kikao kijacho cha mchezo, na tangu hapo zamu ya mtu isiguswe pasipo mwenyewe kupigiwa simu, hata kukiwa na dharura ya namna gani. Wanachama wakalikubali sharti hilo, na dada akarudi kwangu nilichape juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari lao la zamu.